Ndoo ngapi za chokaa? Hesabu ya ukuta wa mawe, Kibokoni

Mara ya kwanza nilipopaka chokaa upande wa mbele wa nyumba ya bibi, Kibokoni, Mombasa, nilipiga hesabu jioni moja kwenye jalada la daftari. Dukani nilipouliza, niliambiwa lita moja ya chokaa iliyokorogwa hufunika mita mraba 8. Nikapima ukuta, nikagawa kwa 8, nikazidisha mara nne kwa sababu nilitaka mikono minne, yaani kuupaka ukuta mara nne, nikapata lita 27. Nikakoroga 28 ndani ya pipa moja, nikatia udongo wa manjano kidogo ili nyumba isiwake mno juani, nikaona nimejitosheleza.

Chokaa ilituishia kabla hatujafika nusu ya mkono wa tatu. Tukakoroga nyingine siku ile ile, kwa vipimo vilevile, na bado rangi haikulingana. Kwa miaka miwili kila aliyepita njiani aliona mstari uliokata ukuta chini ya madirisha ya ghorofani.

Ile 8 haikuwa uongo. Ni kipimo cha ukuta laini ambao tayari umeshanywa chokaa. Kosa langu lilikuwa kukitumia kipimo kimoja kwa ukuta mzima na kwa mikono yote. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu ya chokaa ni mkavu na una vitundu, na mkono wa kwanza haukai juu yake, unazama. Mkono wa pili hukuta vile vitundu vimeanza kuziba, kwa hiyo huenda mbali zaidi. Kuanzia wa tatu ndipo matumizi yanatulia. Halafu kuna mparuzo. Ukuta uliokwaruza una ngozi nyingi kuliko urefu na upana unavyoonyesha, maana brashi inabidi iingie kwenye kila kishimo na kupanda kila kinundu.

Fundi aliyekuja mara ya pili, mzee wa Mji wa Kale aliyezoea nyumba hizi, aliupapasa ukuta kwa kiganja kutoka mlangoni mpaka kwenye kona kabla ya kusema lolote. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hizi ni kuta mbili. Usiupimie huu wa chini kwa ule wa juu." Chini, kiasi cha mita moja na nusu kutoka barazani, lipu ya zamani ilikuwa imeanguka kwa unyevu na chumvi, ikazibwa kwa lipu mpya yenye mchanga mnene. Juu ilikuwa bado ile lipu ya zamani, laini. Basi tukazihesabu mbalimbali.

Ukuta wote una upana wa mita 9 na urefu wa mita 6.5. Sehemu ya chini ni 9 mara 1.5, yaani mita mraba 13.5. Mlango una upana wa mita 1.4, kwa hiyo unakula 2.1 pale chini, na inabaki 11.4. Sehemu ya juu ni 9 mara 5, yaani 45. Kipande cha juu cha mlango kinakula kama 1.3. Madirisha ni manne, kila moja mita 1.1 kwa 1.5, jumla 6.6. Ukitoa vyote unabaki na 37.1.

Hapo ndipo mtu anapoweza kukosea tena bila kujua. Kuta za nyumba hizi ni nene, na dirisha limekaa ndani. Zile pande nne za tundu la dirisha, juu, chini, kulia na kushoto, nazo zinapakwa. Kwangu zina kina cha sentimita 30. Mzunguko wa dirisha moja ni mita 5.2, mara 0.3 ni mita mraba 1.56, na kwa madirisha manne ni 6.2. Yaani unene wa ukuta unarudisha karibu kila kitu ambacho dirisha lilichukua. Kwa nyumba ya mawe ya zamani, mimi sasa siyatoi madirisha kabisa, natoa mlango tu. Kwa nyumba ya tofali nyembamba, yatoe. Sehemu ya juu ikawa mita mraba 43, nikiacha vidogo vidogo.

Kilichobaki ni kujua lita moja inafika wapi kwenye ukuta huu wenyewe, na hilo halitafutwi popote ila ukutani. Chora kwa chaki mraba wa mita moja kwa moja mahali palipo laini, na mwingine mahali panapokwaruza. Nyunyiza maji kama utakavyonyunyiza siku ya kazi, mpaka ukuta uwe na unyevu lakini maji yasiwe yanachuruzika. Mimina lita moja ya chokaa kwenye kopo lenye alama za vipimo, paka mraba mmoja, kisha soma kilichobaki. Kwangu mraba laini ulikunywa mililita 200, yaani lita moja ingefika mita mraba 5. Mraba wa chini ulikunywa 400, yaani mita mraba 2.5 tu. Kesho yake nikapaka mkono wa pili kwenye miraba ileile: juu lita moja ikafika mita mraba 7, chini 4. Siku ya tatu ikawa 8 na 5. Ile 8 ya dukani hatimaye niliiona, lakini siku ya tatu na kwenye lipu laini peke yake.

Unyevu ukiubadilisha, vipimo vyote vinabadilika. Ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa papo hapo na kuiacha unga, kwa hiyo ukipima pakavu utapata jibu baya na kazi mbaya pamoja.

Sasa hesabu yenyewe. Sehemu ya juu, mita mraba 43: mkono wa kwanza ni 43 gawa kwa 5, lita 8.6. Wa pili, gawa kwa 7, lita 6.1. Wa tatu na wa nne, gawa kwa 8, lita 5.4 kila mmoja. Jumla 25.5. Sehemu ya chini, mita mraba 11.4: mkono wa kwanza lita 4.6, wa pili 2.9, wa tatu na wa nne 2.3 kila mmoja, jumla kama 12. Zote pamoja ni lita 37.5. Nikaongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya matone, brashi na mashapo yanayobaki chini ya pipa, nikafika lita 41. Linganisha na zile 27. Sehemu moja ya tano ya ukuta, ile iliyokwaruza, ndiyo inayokula karibu theluthi ya chokaa yote.

Mtu atauliza kwa nini kusumbuka hivi wakati chokaa ni rahisi. Kweli, kilo moja ya chokaa ya unga ikikorogwa na lita 2 za maji hutoa takriban lita 2.4, kwa hiyo lita 41 zinataka kama kilo 17, na mfuko mmoja wa kilo 25 unatosha na kubaki. Sababu yangu si bei ya mfuko. Chokaa yenye rangi lazima ikorogwe yote kwa pamoja, siku moja, pipa moja, la sivyo utapata mstari kama wangu. Na jukwaa hulipiwa kwa siku.

Loweka unga usiku kucha ukitaka ulainike, chuja kwa kitambaa, na uwe mwepesi kama maziwa. Huo wepesi ndio unaowaponza wengi. Chokaa mbichi huonekana kama maji, unaona mawe chini yake, unadhani hujapaka kitu. Weupe huja inapokauka. Nimeona mafundi wakirudia palepale mara tatu wakitafuta weupe ambao haujafika wakati wake, na hapo matumizi yanakuwa maradufu. Wengine huikoroga nzito kama uji ili wamalize kwa mikono miwili. Ile nzito hupasuka nyufa ndogo ndogo kama tope la bwawa lililokauka, kisha humenyeka. Mikono minne myepesi nje, mitatu ndani ya nyumba, ndiyo ninayoifuata. Ukuta unaopigwa moja kwa moja na mvua ya kusi naupa wa tano.

Pipa nalo likorogwe kila unapochota. Chokaa huzama. Usipokoroga, utapaka maji juu ya ukuta asubuhi na uji jioni, na hesabu yako yote itaharibika katikati, kwa sababu lita ya asubuhi na lita ya jioni si kitu kimoja tena.

Subiri siku nzima kati ya mkono na mkono, na upake ukuta ukiwa kivulini. Wetu unatazama mashariki, kwa hiyo tulianza baada ya adhuhuri. Chokaa haigandi kwa kukauka tu. Inavuta hewa ukaa na kugeuka kuwa jiwe tena, na kwa hilo inahitaji unyevu ubaki kidogo. Kipimo chake ni kiganja. Baada ya siku chache sugua ukuta: ukitoka na mkono mweupe tele, ilikauka haraka mno au ilikuwa nzito mno, na kuongeza mkono mwingine juu ya unga huo ni kupoteza chokaa. Upige brashi kavu kwanza, uloweshe, ndipo upake.

Hesabu hii haifai kwa ukuta uliokwisha pakwa rangi ya plastiki ya dukani. Pale mraba wa majaribio utakudanganya: lita moja itakwenda mbali sana, utafurahi, kumbe hakuna kilichoingia, na yote itabanduka. Mwagia maji kidogo kabla ya kuchora chaki. Yakiteleza bila kuacha doa la unyevu, kwanza rangi hiyo ikwanguliwe. Na vaa miwani unapofanya kazi ya juu. Tone la chokaa jichoni huunguza. Lioshe kwa maji mengi mara moja, kisha nenda hospitali.

Mara hiyo ya pili pipa lilibaki na karibu lita 3. Nikazitia kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, maana bila hewa chokaa haigandi, nikaiweka chini ya ngazi. Masika yalipopita, pale chini karibu na bomba la maji ya mvua pakawa pamekula tena. Nikaikoroga ileile, nikapaloweka, nikapaka mikono minne kwa siku nne, na rangi ikakubaliana na ya ukuta uliobaki.