Miezi 18 ya kumuuguza mama: niliiandikaje kwenye wasifu wangu

Niliacha kazi ya uhasibu Februari 2021, mama alipopatwa na kiharusi. Hakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye. Nilipoanza kutafuta kazi tena, Agosti 2022, niliona aibu ya lile pengo, nikaamua kulificha. Badala ya kuandika miezi nikaandika miaka mitupu: Mhasibu, 2017–2021. Kwa haraka haraka ilionekana kama nimeacha kazi juzi tu.

Kwenye usaili wa kwanza mwanamke mmoja wa idara ya ajira aliutazama ule mstari, akaniuliza kwa upole, "Uliacha mwezi gani?" Nikajibu Februari. Akahesabu kimya kimya, na tangu hapo mazungumzo yakabadilika. Hakunilaumu kwa kumuuguza mama. Kilichomkwaza ni kwamba alilazimika kunichimba ili apate ukweli. Mhasibu anayechezea tarehe, nani atamkabidhi vitabu?

Nikaenda upande wa pili. Nikaandika mistari minane: ugonjwa wenyewe, mazoezi ya viungo, dawa, nikajipa na cheo, "Msimamizi wa Huduma za Familia". Rafiki yangu anayeajiri watu aliusoma akaniambia nifute. Cheo ambacho hakuna aliyekupa humfanya msomaji aanze kutilia shaka hata vyeo vyako vya kweli. Halafu ugonjwa ni siri ya mama, si yangu kuutawanya kwa watu ambao sitawahi hata kuwaona.

Kilichobaki ni hiki:

Nje ya ajira: kumuuguza mzazi kwa muda wote
Machi 2021 – Agosti 2022
Niliacha kazi ili kumuuguza mzazi. Sasa ndugu mwingine ameshika jukumu hilo, nami niko tayari kwa kazi ya muda wote. Juni 2022 nilimaliza kozi ya miezi mitatu ya taarifa za fedha.

Kinakaa kwenye orodha ya uzoefu wa kazi, juu kabisa kwa kuwa ndicho kipindi cha karibuni, kwa mwandiko na mpangilio uleule wa kazi nyingine. Ukikipeleka chini kwenye "mengineyo", anayepitia tarehe kwa haraka anakuta pengo na haendi kulitafutia jibu. Miezi nayo lazima iungane: kazi iliishia Februari, kipindi kinaanza Machi. Sikuandika "mapumziko", maana aliyewahi kuuguza anajua hakuna kupumzika pale, na neno lenyewe humpa mgeni picha ya mtu aliyekaa tu.

Sentensi ya pili ndiyo yenye kazi kubwa. Mwajiri akisoma kwamba ulikuwa unauguza, swali linalomjia, hata asipolitamka, ni kama kesho utaondoka tena. Lijibu hapohapo, lakini kwa ukweli. Kama mgonjwa bado yuko mikononi mwako, usiandike kwamba jukumu limekwisha. Andika umepanga nani akae naye saa za kazi. Kama mgonjwa amefariki, "kipindi hicho kimekwisha" inatosha, huna deni la maelezo zaidi. Ile kozi niliitaja kwa sababu niliisoma kweli na inahusu kazi niliyoiomba. Kama huna cha aina hiyo, sentensi mbili zinatosha. Usibuni.

Kabla ya kuandika chochote, tafuta barua yako ya mwisho kutoka kwa mwajiri. Kama ulipewa likizo bila malipo na mkataba haukuvunjwa, basi hukuwa nje ya ajira. Tarehe za kazi zinabaki kama zilivyo, na unaongeza mstari mmoja ndani ya kazi hiyohiyo: "Likizo bila malipo ya kumuuguza mzazi, Machi–Septemba 2021". Nimeona watu wakijikatia ajira yao wenyewe kwa kutojua hili.

Waliokwenda kusoma nje ya nchi wana kazi nyepesi zaidi. Shahada inakaa kwenye elimu, ikiwa na jina la chuo, nchi na miezi. Kwenye uzoefu wa kazi weka mstari mmoja tu wa kuziba pengo: "Masomo ya muda wote nje ya nchi, Septemba 2020 – Desemba 2021 (tazama Elimu)". Kama hukumaliza, taja ulichosoma na uache neno shahada.

Kwenye usaili uliofuata waliniuliza tu, "Mzazi anaendeleaje?" Nikasema anatembea kwa fimbo, na dada yangu anaishi naye. Baada ya hapo tukazungumzia ulinganisho wa hesabu za benki kwa nusu saa nzima.