Uganda, NSSF hukatwa kabla au baada ya PAYE?

"Mshahara ni 1,500,000, mkopo wa sako 100,000. Mwezi wa Agosti nianze kukata nini?"

Anza na kodi ya huduma za mitaa, ndugu: 25,000, moja ya awamu nne za Julai hadi Oktoba. Hiyo hutoka kabla ya PAYE, inabaki 1,475,000. Kwa viwango vya 2012, PAYE ni 25,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi 410,000, yaani 344,500.

NSSF ya mfanyakazi, asilimia 5 ya mshahara wote, ni 75,000, na haipunguzi kodi. Wengi hukosea hapa, hasa waliozoea fomula za Kenya: ukiitoa kwanza, PAYE inapungua kwa 22,500 na URA watakudai. Mkopo hutoka mwisho. Mkononi 955,500.

Novemba mfanyakazi atapokea 973,000. Ile 25,000 ya huduma za mitaa imekwisha, lakini ongezeko ni 17,500 tu, kwa kuwa PAYE inapanda 7,500.