Usimuulize mtoto "nani kakufanyia": nilichojifunza kwenye mkeka

Mtoto nitakayemzungumzia nitamwita Chiku. Si jina lake, na nimebadilisha mambo kadhaa ya familia ili asitambulike. Alikuwa na miaka minne na miezi michache alipoletwa kwangu hapa Dodoma, ninakotibu watoto kwa njia ya mchezo, mwezi wa saba, ule upepo wa baridi unapopeperusha vumbi mpaka ndani ya vikombe. Mama yake anauza nyanya na vitunguu Majengo, anatoka alfajiri anarudi jioni. Mchana kutwa Chiku alikuwa anabaki na shangazi yake, dada wa baba, ambaye ndiye mwenye nyumba.

Mama alileta shida tatu. Mtoto ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha. Chekechea hazungumzi, mwalimu anadhani ni bubu. Na ukichota maji ya kumwogesha, anakimbia uani. Mkono wa kushoto alikuwa na kovu la kuungua lililokwisha kupona. Mama akasema, "Chai ilimmwagikia, nilikuwa sokoni." Nikaandika hivyo hivyo, kwa maneno yake.

Siku hiyo ya kwanza, kabla ya lolote, huwa namwambia mzazi sentensi moja ambayo baadaye inaniokoa: yanayotokea hapa yanabaki hapa, isipokuwa nikiona mtoto yuko hatarini, hapo nitawaambia wanaohusika na ulinzi wa watoto. Mama aliitikia kwa kichwa. Wengi huitikia tu, hawadhani itawafikia.

Chumba changu si kikubwa. Kuna mkeka, beseni la mchanga, udongo wa kufinyanga, mbuzi na ng'ombe wa udongo, jiko la mkaa la kuchezea na sufuria zake, vikopo vya maziwa ya unga, na wanasesere wa vitambaa niliowashonesha kwa fundi: wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake. Hakuna mwanasesere aliyepewa jina la mtu. Mtoto ndiye anayechagua cha kucheza, mimi nakaa chini nusu mita kutoka kwake, dakika arobaini na tano, mara moja kwa wiki, siku ileile na saa ileile. Kazi yangu ni kutaja ninachokiona kwa sauti ya kawaida: "Mbuzi kaingia kwenye kopo." Basi. Sisifu, sisahihishi, siulizi "kwa nini".

Vikao vitatu vya mwanzo Chiku alipanga tu vikopo kwa mstari na kuvipangua. Kwa mzazi anayelipa nauli ya bodaboda, hilo linaudhi, na mama aliniuliza kwa heshima kama kweli hii ni tiba. Nilimjibu kwamba mtoto wa umri huu hana maneno ya kupanga tukio likawa na mwanzo, kati na mwisho, hasa tukio lililomtisha. Chiku nyumbani anasemeshwa Kigogo, shuleni Kiswahili, na hofu haikuwa na lugha katika zote mbili. Anachoweza ni kukirudia kitu kwa mikono yake, akishajua kwamba hakuna atakayemfokea.

Kikao cha nne alikirudia.

Alichukua mwanasesere mkubwa wa kike na mdogo. Akaweka sufuria kwenye jiko. Akaushika mkono wa mdogo kwa mkono wa mkubwa, akauzamisha kwenye sufuria, akausukuma mpaka chini, akasema kwa sauti nzito isiyo yake: "Tulia. Bado." Akautoa. Akaurudisha. Hakucheka, hakulia, hakunitazama. Mchezo wa kawaida hubadilika; leo mama anapika, kesho sufuria inakuwa kofia. Huu ulikuwa unazunguka palepale kama kinu, na mtoto alitoka humo amechoka kuliko alivyoingia. Hiyo ni dalili ninayoitilia maanani kuliko kitu chenyewe anachochezea: urudiaji mkavu, usio na raha, usiofika mwisho.

Hapo ulimi ulikuwa unaniwasha kuuliza: "Huyu mkubwa ni nani? Ni shangazi?"

Sikuuliza, na nitasema sababu, kwa maana niliwahi kuuliza. Miaka ya nyuma, nikiwa mgeni kwenye kazi hii, mtoto mmoja wa kiume alinionyesha jambo kwa wanasesere, nami kwa huruma nikamwambia, "Ni baba?" Akaitikia kwa kichwa. Nikapiga moyo konde nikauliza, "Au ni babu?" Akaitikia tena. Nikajaribu mwalimu. Akaitikia. Mtoto mdogo akiulizwa na mtu mzima hujibu kile anachodhani mtu mzima anakitaka. Nilikuwa nimeshaandika yote hayo kwenye faili, na mpelelezi alipolisoma alinitazama tu. Ushahidi ambao pengine ungekuwepo, mimi ndiye niliyeukoroga, na yule mtoto alirudi kwenye nyumba ileile.

Kwa Chiku nilisema tu, "Mkono umeingia kwenye sufuria. Amesema tulia, bado." Alipoondoka nikaandika papo hapo, kabla hata ya kunywa maji. Nitaonyesha nilivyoandika, maana hapa ndipo wengi huharibu:

"Saa 4:20 asubuhi. Amechukua mwanasesere mkubwa wa kike (gauni la bluu) na mdogo. Ameweka sufuria tupu jikoni. Ameingiza mkono wa kushoto wa mdogo kwenye sufuria kwa kutumia mkono wa mkubwa. Amesema: 'Tulia. Bado.' Amerudia mara saba. Mimi nimesema: 'Mkono umeingia kwenye sufuria. Amesema tulia, bado.' Hakujibu."

Sikuandika "mtoto ameonyesha jinsi shangazi alivyomchoma". Shangazi hakutajwa. Kuchoma hakukutajwa. Na maneno yangu mwenyewe nayaweka, ili atakayesoma aone kama nilimlisha mtoto jambo.

Sasa, tuwe wakweli: mchezo ule ulikuwa na tafsiri nyingine. Mtoto aliyeungua hupelekwa zahanati, na huko muuguzi humshika mkono kwa nguvu, anausafisha kwenye bakuli, anamwambia "tulia, bado kidogo". Chiku angeweza kuwa anacheza kidonda kikisafishwa. Au alimwona mtoto mwingine akifanyiwa. Nilikaa na hilo usiku mzima. Mchezo si kiapo, na mtaalamu anayekwambia ameusoma kama gazeti mkimbie.

Lakini kutoa taarifa hakuningoji nijue. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Ushahidi au taarifa. Mimi nilikuwa na taarifa: kovu, hofu ya maji, ukimya, na mchezo ule. Kuunganisha vitu hivyo na kuamua ni nini kilitokea ni kazi ya watu wengine. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii nikiwa na karatasi mbili mkononi. Sikupita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu ni jirani wa ukuta kwa ukuta na shangazi, na habari ingefika nyumbani kabla yangu. Ukikwama, simu ya watoto namba 116 haitozi na inapokelewa.

Swali la kwanza afisa aliloniuliza silisahau: "Leo usiku analala wapi?" Hakuuliza nani kafanya. Ndilo swali la kwanza kweli. Kama mtoto anarudi kwa mtu yuleyule, kila unachoandika kinamchongea. Afisa alimwita mama ofisini kwake peke yake, na mchana ule Chiku akahamia kwa bibi mzaa mama, nje ya mji, afisa akiwa ameandikisha mahali hapo na kuahidi kupita.

Kisha ikaja sehemu ngumu. Mama alinifuata akilia. Hakukana. Alisema, "Dada, mimi naishi kwenye nyumba yake. Wazee wamesema tukae, tuyamalize kifamilia, anilipe mbuzi." Simlaumu, ukiondoa nyumba ile, alikuwa na meza ya nyanya tu. Lakini kikao cha wazee kinapatanisha watu wazima, na mtoto si upande wowote katika mapatano hayo. Nilimwambia jambo limeshatoka mikononi mwangu, na kwamba nilimwambia siku ya kwanza. Sikumwahidi kulirudisha. Kilichomsaidia zaidi ni afisa kumtafutia chumba cha kupanga, kuliko maneno yangu yote.

Kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, Chiku na mama yake walipewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari, wakaenda hospitali. Daktari alitazama kovu akaeleza kitu ambacho mimi nisingekiona: chai ikimwagika huacha alama zisizo na mpangilio, zenye michirizi na matone pembeni. Kovu la Chiku lilikuwa na mpaka ulionyooka kuzunguka kifundo cha mkono, kama glovu. Mkono uliotumbukia kwa bahati mbaya mtoto huuchomoa kabla mpaka haujachorwa hivyo. Tafsiri ya zahanati ikaniondoka pale.

Shangazi, nilivyosikia baadaye, alisema alikuwa anamrudi kwa kula sukari. Kifungu cha 13 cha sheria ileile hakikubali adhabu isiyolingana na umri wa mtoto, wala adhabu kwa mtoto asiye na umri wa kuelewa anarudiwa nini. Jalada liko kwa wanaohusika, sina la kuongeza.

Niseme neno kwa aliye na hofu ya aina nyingine, ya kuingiliwa kimwili: usisubiri mchezo urudie. Usimwogeshe, usifue nguo alizovaa, mpeleke hospitali ndani ya saa 72 kwa sababu dawa ya kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI ina muda wake. Kwenye hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono, polisi, daktari na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Na daktari asipoona alama yoyote, hiyo si hati ya kwamba halikutokea. Watoto wengi walioingiliwa hukutwa hawana alama.

Vikao viliendelea baada ya taarifa, ila nilikubaliana na mpelelezi kwamba mahojiano ni yake na mchezo ni wangu. Nilimwambia Chiku kwa maneno mafupi: "Kuna watu wazima kazi yao ni kulinda watoto. Nimewaambia kuhusu mkono." Aliendelea kufinyanga. Usimwahidi mtoto siri. Utalazimika kuivunja, na ataihesabu.

Sufuria aliirudia wiki tatu zaidi. Ya nne aliijaza mchanga mpaka juu, akaifunika, akaiweka nyuma ya mlango. Wiki ya kumi na moja akaniuliza, kwa Kiswahili, sauti yake mwenyewe, kama mbuzi wanaweza kunywea humo. Nikasema wanaweza. Akawaita mmoja mmoja.