Kipimo cha uwiano: faktoria ya 2n inapokupiga chenga

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa kwanza hapa Iringa. Kwenye mfululizo wa (n!)²/(2n)! nilitumia kipimo cha uwiano, nikapata uwiano unaokua bila mwisho, nikaandika kwamba jumla haina kikomo. Mwenzangu wa chumbani kapata 1/4. Nani kakosea?

Jibu: Marahaba. Mwenzako yuko sawa, na nadhani najua ulipoteleza, maana hapa Mbeya nasahihisha kosa hilo kila mwaka. Ulipoweka n+1 mahali pa n, uliandika (2n+1)! chini. Lakini 2 inazidisha mabano yote: 2(n+1) ni 2n+2. Kutoka (2n)! mpaka (2n+2)! umepanda ngazi mbili, si moja:

```
(2n+2)! = (2n+2)(2n+1)(2n)!
```

Juu, (n+1)! ni (n+1) mara n!, na kwa kuwa imepigwa kipeo cha pili, inabaki (n+1)². Sasa gawanya kipande kinachofuata kwa kilichotangulia. Faktoria zote zinakatana:

```
(n+1)² / ((2n+2)(2n+1)) = (n+1) / (2(2n+1))
```

n ikikua, hiyo inakaribia 1/4. Ni chini ya 1, kwa hiyo jumla ina kikomo.

Kabla ya kuamini herufi, mimi huandika vipande vichache kwa namba. Hapa, kuanzia n = 1, ni 1/2, 1/6, 1/20, 1/70. Cha pili ni theluthi ya cha kwanza, cha tatu ni 0.3 ya cha pili. Vinasinyaa waziwazi, jibu lako lilidai vinakua, na hapo ndipo ungeshtuka. Tena uwiano hauzidi 1/3 popote, hivyo jumla haiwezi kuvuka ile ya 1/2 + 1/6 + 1/18 na kuendelea, ambayo ni 3/4. Hiyo ndiyo siri ya kipimo chenyewe: tunaufunika mfululizo wetu kwa mwingine wa uwiano usiobadilika, ambao jumla yake tunaijua.

Ukitaka kuona kinapokwama, zidisha kila kipande kwa 4ⁿ. Uwiano unakuwa (2n+2)/(2n+1), ambao unakaribia 1. Hapo kipimo kinanyamaza. Usiandike kwamba jumla ina kikomo, wala kwamba haina. Angalia uwiano wenyewe badala ya kikomo chake: juu daima kumezidi chini kwa moja, kwa hiyo kila kipande ni kikubwa kuliko kilichotangulia. Cha kwanza ni 2. Vipande visivyoshuka chini ya 2 haviwezi kutoa jumla inayotulia, na swali limeisha bila kipimo kingine.

Mwambie mwenzako akuoneshe alivyofungua ile (2n+2)!. Kama aliikata kwa kubahatisha, mtihani utawakuta wote wawili.