Jibu: Feza za duka zinapita daftari kwa 4,500

"Kila jioni nahesabu feza za duka. Leo zimepita daftari kwa faranga 4,500. Nitafute wapi?"

Jambo ndugu. Anza na fungu la 5,000. 5,000 kutoa 500 ni 4,500, kwa hiyo nadhani noti moja ya 500 imejificha humo. Tuseme ulihesabu 5,000 mara 9, ni 45,000, na 500 mara 46, ni 23,000: jumla 68,000. Ukiirudisha ile noti kwa wenzake, zinabaki 8 na 47, yaani 40,000 na 23,500. Jumla 63,500.

Fungu likiwa safi, basi kagua daftari, pengine kuna mauzo ambayo hayakuandikwa. Dola zihesabu kando kabisa. Ukizigeuza faranga katikati, tofauti kama hii haitakuonyesha kitu.