Kusafisha machapisho ya zamani ya Instagram bila kupoteza yale yenye faida

Swali: "Nina machapisho zaidi ya elfu kwenye ukurasa wa duka langu. Nataka kila mwezi niondoe ya zamani kwa wingi, lakini yaliyofanya vizuri yabaki. Nitayajuaje?"

Ndugu, mimi huuza madera na mabuibui hapa Mji wa Kale, Mombasa, na kazi hiyo huifanya kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nikiyashughulikia machapisho ya mwezi mmoja tu, yale yaliyotimiza mwaka. Instagram yenyewe haina ratiba ya kuyaondoa, kwa hiyo nimeweka kikumbusho kwenye simu. Naingia `Your activity`, kisha `Posts`, nachuja kwa tarehe, nachagua mengi kwa pamoja, halafu nabonyeza `Archive`. Sianzi na `Delete`, kwa sababu kilichofutwa hukaa siku 30 tu kabla ya kupotea kabisa, ilhali kilichowekwa kwenye kumbukumbu chaweza kurudishwa wakati wowote, kikiwa na laiki na maoni yake.

Kupima ndiko kwenye uzito. Laiki nimeziacha, kwani jamaa na marafiki hupenda kila kitu. Natazama idadi ya waliohifadhi chapisho, maana mteja huhifadhi dera analokusudia kulirudia. Nalinganisha machapisho ya mwezi uleule peke yake, kwa kuwa ya kuelekea Idi hupata watu wengi kuliko ya miezi mingine, na ukiyachanganya, mazuri ya msimu mkavu yataonekana dhaifu. Mwezi mmoja nilikuwa na picha 41. Nilizipanga kwa idadi ya waliohifadhi, na ya katikati, yaani ya 21, ilikuwa na watu 6. Nikaacha zilizofikisha mara mbili ya hapo, 12 na kuendelea, nazo zilikuwa 7. Video fupi huzipima peke yake, kwa kuwa hufika kwa watu wengi wasionifuata.

Kuna mambo mawili ambayo hesabu hiyo haiyaoni. La kwanza, takwimu hizi huonekana kwa akaunti ya kitaalamu pekee, yaani ya biashara au ya mtayarishi wa maudhui, na machapisho yaliyotangulia kabla hujaibadilisha akaunti hayana takwimu hizo. Usiyaondoe kwa kudhani yalishindwa, bali yapitie kwa macho. La pili lilinigharimu: niliondoa picha ya jedwali la vipimo, iliyohifadhiwa na watu 3 tu. Siku mbili baadaye wateja wawili wakaniandikia kwamba kiungo nilichowatumia hakifunguki. Niliirudisha jioni hiyohiyo, na tangu hapo, kabla ya kubonyeza `Archive`, natafuta kwenye ujumbe wangu viungo ninavyowatumia wateja mara kwa mara, nayo machapisho yake siyagusi hata kama hayana mtu aliyeyahifadhi.

Kufuta kabisa nafanya baada ya miezi mitatu, kwa yale ambayo hakuna mteja aliyeyaulizia.