Gemu lina watu wachache: nani akutane na nani?

Gemu letu la drafti mtandaoni, usiku lina watu kumi na wawili tu. Nikilazimisha wanaolingana wakutane, wanasubiri hadi wanatoka. Nifanyeje? (Msomaji, Sinza)

Legeza masharti kadiri mtu anavyosubiri. Anza na tofauti ya pointi 100, ongeza 100 kila sekunde kumi, na zikitimia sekunde 40 mpe yeyote aliyepo. Usiogope mechi isiyolingana, maana hesabu ya Elo, ile inayopanga pointi za wachezaji, inaijua tofauti hiyo kabla mechi haijaanza:

```
E = 1 / (1 + 10^((Rb - Ra)/400))
```

Ra ni pointi za mchezaji, Rb ni za mpinzani, na E ni matokeo anayotarajiwa kupata, ushindi ukiwa 1 na sare nusu. Mwenye 1500 akikutana na wa 1300, E yake ni 0.76. Kwa K ya 32, yaani kikomo cha pointi zinazoweza kubadilika kwa mechi moja, akishinda anapata pointi 8, akifungwa anapoteza 24. Kwa hiyo akishinda tatu na kufungwa moja, anabaki palepale. Kinachochosha watu usiku, kwa maoni yangu, ni kukutana na mtu yuleyule kila mara. Mpinzani aliyecheza naye punde mhesabie kana kwamba yuko pointi 150 mbali zaidi.

Namba moja wetu ana 1900, lakini anacheza na wenzake wa Mbagala tu. Wa Tegeta wanasema hizo pointi ni hewa. Nani mkweli? (Msomaji, Tegeta)

Hamuwezi kujua mpaka wakutane. Profesa Arpad Elo alitunga hesabu hii kwa ajili ya sataranji, na inachopima ni tofauti kati ya watu waliounganishwa na mechi. Vikundi viwili visivyogusana vina ngazi mbili tofauti, hata kama namba zinafanana. Tena mtu anaweza kupanda kwa kuzishinda akaunti mpya zinazoanza na 1500 kisha zikaachwa.

Mpangieni huyo namba moja mechi 20 na watu wa Tegeta wenye 1700 hivi. Tofauti ni 200, kwa hiyo akiwa 1900 wa kweli atakusanya kama 15, sare ikihesabiwa nusu. Akipata 8, hata hao wa 1700 wamemzidi kidogo. Mechi 20 bado ni chache: akipata 13 au 14, msimhukumu. Baada ya hapo, acheni foleni moja kwa jiji zima, na mechi za marafiki waliochaguana zisihesabiwe.

Mbona wazoefu wetu wanashuka na hawajazembea? (Msomaji, Kigamboni)

Angalia wageni. Anayejua mchezo akianza na 1500, kila anayefungwa naye anamlipa pointi kwa kosa la mfumo, na akiacha gemu anaondoka na pointi zao. FIDE, shirikisho la sataranji duniani, humpa mchezaji mpya K ya 40 hadi atimize mechi 30, kisha 20. Igeni hilo, ila mzoefu anapokutana na mgeni K yake iwe 10. Jumla ya pointi haitabaki sawa tena, na hilo silioni kama tatizo.